Nishani Zinazofunguka Mara Mbili na Zisizofunguka Kamwe

Nishani katika gemu ni alama ambayo mchezaji hupewa anapotimiza jambo lililotajwa mapema: kuangusha maadui 100, kumaliza ngazi bila kuguswa, kukusanya vipande vyote vya ramani. Microsoft ilizifanya kuwa jambo la kawaida ilipotoa mtambo wake wa Xbox 360 mwezi Novemba 2005. Steam ilizianzisha kwenye kompyuta mwaka 2007, PlayStation 3 ikafuata mwaka 2008, na baadaye zikaingia kwenye simu kupitia huduma za Apple na Google. Leo mchezaji anatarajia kuzikuta karibu katika kila gemu anayoinunua au kuipakua.

Malalamiko kuhusu nishani hizi huja kwa sura mbili. Mchezaji mmoja anaona ukurasa wake umeandikwa 137 kati ya 100, na nishani bado ina kufuli. Mwingine anaona tangazo la nishani ile ile likijitokeza tena na tena, pengine na zawadi ya sarafu juu yake. Malalamiko hayo yanaonekana kupingana, kwa kuwa mmoja amenyimwa na mwingine amezidishiwa. Mara nyingi yanatokana na kosa moja la uandishi wa programu: hesabu ya maendeleo ya mchezaji inabadilishwa kutoka sehemu nyingi za msimbo, na hakuna sehemu hata moja inayoisimamia.

Jinsi hesabu inavyosambaa

Nishani ya kuhesabu huhitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni kihesabio, yaani namba inayotunza idadi iliyofikiwa. Cha pili ni sharti, yaani kipimo ambacho namba hiyo ikikifikia nishani inafunguka. Cha tatu ni kitendo chenyewe cha kufungua, ambacho huonyesha tangazo, hutoa zawadi na hupeleka taarifa kwenye jukwaa kama Steam au Google Play.

Tuchukue gemu ya kubuni ambayo mchezaji analinda bandari dhidi ya maharamia. Nishani yake moja, «Mlinzi», hufunguka baada ya maharamia 100 kuangushwa, na huambatana na sarafu 500. Toleo la kwanza la gemu lina silaha moja tu, upinde. Mwandishi wa programu anafanya jambo linaloonekana la kawaida kabisa. Anakwenda kwenye msimbo wa mshale, pale haramia anapopigwa, na kuandika hivi:

```
adui.uhai -= 40;
if (adui.uhai <= 0) {
    adui.Anguka();
    maharamia++;
    if (maharamia == 100) Fungua("MLINZI");
}
```

Maana yake ni rahisi. Mshale unapunguza uhai wa adui kwa 40. Uhai ukifika sifuri au chini yake, adui anaanguka, kihesabio kinaongezwa moja, na kikiwa 100 nishani inafunguka. Kwa gemu yenye silaha moja msimbo huu hauna tatizo, na majaribio yote yanapita.

Miezi michache baadaye inaongezwa silaha ya pili: chungu cha mafuta yanayowaka. Moto hupunguza uhai kwa 5 kila nusu sekunde, kwa hiyo kazi yake iko katika faili jingine, na huenda imeandikwa na mtu mwingine. Mtu huyo anakumbuka kuongeza kihesabio, ila hanakili sharti la 100, kwa kudhani linaangaliwa mahali pengine. Kisha linakuja pipa la baruti, ambalo msimbo wake una nakala kamili ya ule wa mshale. Mwisho inaongezwa njia ya kumsukuma haramia kutoka kwenye jahazi hadi majini. Aliyeiandika hiyo alikuwa akishughulikia mawimbi na uzito wa miili, na hakuwa na habari kwamba kuna nishani.

Sasa kuna njia nne za kumwangusha haramia na tabia tatu tofauti. Mshale na baruti huongeza na kuangalia sharti, moto huongeza bila kuangalia, na maji hayaongezi chochote. Hakuna mstari hata mmoja ambao ukisomwa peke yake utaonekana una kosa.

Haramia mmoja anayehesabiwa mara tano

Madhara huonekana njia mbili zinapokutana kwa adui mmoja. Mchezaji amekwisha kuangusha maharamia 98. Anamrushia wa 99 chungu cha mafuta, kisha mshale. Haramia ana uhai wa 30 na anaendelea kuwaka wakati mshale unampata. Uhai unashuka hadi -10, haramia anaanza kuanguka, kihesabio kinakuwa 99.

Hata hivyo mwili wake hauondoki papo hapo. Mchoro wa kuanguka huchukua sekunde mbili, na katika sekunde hizo gemu bado inamtambua kama adui anayewaka. Kila nusu sekunde moto unapunguza 5, unakuta uhai uko chini ya sifuri, na kuhesabu kifo kingine. Rekodi ya gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde ingesomeka hivi, `f` ikiwa ni namba ya fremu, yaani picha moja moja inayochorwa kwenye skrini:

```
f=18204 adui=4417 sababu=mshale  98->99
f=18217 adui=4417 sababu=moto    99->100
f=18247 adui=4417 sababu=moto    100->101
f=18277 adui=4417 sababu=moto    101->102
f=18307 adui=4417 sababu=moto    102->103
```

Haramia mmoja, namba 4417, amehesabiwa mara tano. Kihesabio kilipita kwenye 100 mikononi mwa moto, ambao hauangalii sharti. Haramia anayefuata akipigwa mshale kihesabio kinakuwa 104, msimbo unauliza kama 104 ni sawa na 100, unapata jibu la hapana, na utaendelea kupata jibu hilo hilo daima. Mchezaji huyu hataipata nishani hata akiangusha maharamia elfu moja.

Jirani yake anayetumia upinde pekee anaipata bila shida, kwa sababu kihesabio chake kinapanda moja moja na kinafika 100 sawasawa. Anayependa kuwasukuma maharamia majini anabaki na sifuri baada ya saa nzima ya kucheza. Ndiyo maana hitilafu za aina hii huwa ngumu kushika. Mtengenezaji anaijaribu gemu kwa mtindo wake wa kucheza, anaona nishani imefunguka, na kuamua kwamba anayelalamika amekosea kuhesabu.

Kiraka kinachohamisha tatizo

Malalamiko yakizidi, mtu anafungua msimbo wa mshale na kuona alama ya usawa `==`. Anaibadilisha kuwa `>=`, yaani «100 au zaidi». Waliokwama wanafunguliwa nishani wanapoangusha haramia mmoja zaidi. Lakini sharti hilo sasa ni kweli kwa haramia wa 101, wa 102 na kila mmoja atakayefuata. Tangazo linajitokeza kila mara, na kila tangazo linakuja na sarafu 500. Nishani isiyofunguka kamwe imegeuka kuwa nishani inayofunguka bila kikomo, na kosa la msingi, lile la haramia mmoja kuhesabiwa mara tano, halijaguswa.

Kiraka cha pili ni alama ya kumbukumbu, tuseme `imefunguliwa`, inayowekwa kuwa kweli mara tangazo linapotoka. Ikiwa alama hiyo inakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hupotea gemu inapozimwa, na mchezaji anapata tangazo na sarafu mara moja kila anapowasha gemu. Kiraka cha tatu ni kuihifadhi alama pamoja na hali ya mchezo. Gemu nyingi zina nafasi kadhaa za kuhifadhi safari, kwa hiyo anayeanza safari mpya katika nafasi ya pili anaanza na alama tupu, na kufunguliwa nishani ambayo tayari anayo.

Ni vizuri kujua kwamba majukwaa yenyewe huvumilia marudio. Kwenye Steam, gemu huita `SetAchievement` ili kufungua nishani na `StoreStats` ili badiliko litumwe kwenye seva. Kuita `SetAchievement` kwa nishani iliyokwisha kufunguliwa hakumpi mchezaji nishani ya pili. Kwa hiyo ukurasa wa Steam wa mchezaji unaweza kuonyesha nishani moja safi huku ndani ya gemu sarafu zikiongezwa kwa mara ya kumi. Kufunguka mara mbili huumiza zaidi pale ambapo gemu ina zawadi zake, matangazo yake au orodha yake ya washindi, vitu ambavyo jukwaa haliviangalii.

Kuna pia njia ya kukosa nishani inayotokana na mpangilio wa hatua. Gemu ikiandika `imefunguliwa` kwanza, kisha ikapeleka taarifa kwenye jukwaa na taarifa hiyo ikashindwa kufika, kumbukumbu mbili zinaachana. Faili la gemu linasema nishani imetoka, jukwaa linasema haijatoka. Kuanzia hapo gemu haijaribu tena, kwa sababu kwa mujibu wa kumbukumbu yake kazi imekwisha. Hali hii hutokea zaidi kwenye simu, ambako gemu inaweza kufungwa ghafla na mtandao unaweza kukatika wakati wowote.

Kuongeza au kutaja jumla

Namna taarifa inavyopelekwa kwenye jukwaa ina uzito wake. Huduma ya michezo ya Google Play ina nishani za hatua kwa hatua, ambazo mtengenezaji huzipangia idadi ya hatua kuanzia 2 hadi 10,000. Gemu inaweza kupeleka maendeleo kwa njia mbili. Kwa `increment` inasema «ongeza hatua kadhaa». Kwa `setSteps` inasema «mchezaji amefikisha hatua kadhaa», na namba hiyo ikiwa ndogo kuliko iliyopo, huduma huipuuza.

Tofauti hiyo inaonekana taarifa inaporudiwa. Gemu ikituma «ongeza 1», isipate jibu kwa wakati, ikatuma tena, seva inaweza kuongeza 2. Ikituma «amefikisha 57» mara mbili, jibu linabaki 57. Kadhalika, sehemu nne za msimbo zikiwa kila moja inatuma «ongeza 1» kwa hiari yake, hakuna anayejua jumla iliyotumwa. Kutuma jumla kunalazimisha pawe na mahali pamoja panapoijua jumla hiyo, na hilo peke yake huzuia sehemu kubwa ya matatizo.

Steam hufuata njia ya pili: `SetStat` hupokea thamani kamili. Mtengenezaji anaweza pia kuweka mipaka kwenye takwimu, kwa mfano kwamba namba ipande tu isishuke, au isibadilike kwa zaidi ya kiasi fulani kwa mara moja. Mipaka hii hukamata hesabu zinazoruka, lakini nayo ina mtego. Thamani ikivunja masharti, seva huikataa na kurudisha thamani ya zamani, na gemu hupata jibu `k_EResultInvalidParam`. Mtengenezaji asiposoma jibu hilo, gemu inaendelea kuonyesha 103 huku seva ikiwa bado na 98.

Chanzo kimoja cha habari

Dawa huanza mbali na nishani, kwenye kifo chenyewe. Mshale, moto, baruti na maji havipaswi kuamua kama haramia amekufa. Kazi yao ni kutoa pigo tu. Haramia mwenyewe ndiye anayepokea pigo, na ndiye anayejua ni lini amevuka kutoka uhai kwenda kifo:

```
void PokeaPigo(int nguvu, Sababu sababu) {
    if (amekufa) return;
    uhai -= nguvu;
    if (uhai <= 0) {
        amekufa = true;
        Tangaza(new HaramiaAmekufa(id, sababu));
    }
}
```

Mstari wa kwanza ndani ya mabano ndio wenye kazi kubwa. Haramia aliyekwisha kufa hapokei pigo jingine, hata mwili wake ukibaki kwenye skrini kwa sekunde mbili au kumi. Kifo ni mpito unaotokea mara moja, na tangazo la kifo hutolewa hapo tu. Njia ya maji nayo ikipitia `PokeaPigo`, itahesabiwa bila mwandishi wake kujua lolote kuhusu nishani. Silaha ya tano itakayoongezwa mwaka ujao itahesabiwa vivyo hivyo.

Tangazo hilo husikilizwa na sehemu moja maalumu ya gemu, msimamizi wa nishani. Ni yeye pekee anayemiliki kihesabio, na msimbo mwingine wowote hauruhusiwi kukigusa. Akisikia haramia amekufa anaongeza moja, anaangalia kama idadi imefika 100 au zaidi, na kuita `Fungua`. Nayo `Fungua` huandikwa kwa namna ambayo kuiita mara mia kuna matokeo sawa na kuiita mara moja: inaangalia kwanza kama nishani iko wazi, na ikiwa iko wazi hairudii zawadi wala tangazo.

Utaratibu huu wa sehemu moja kutangaza tukio na nyingine kusikiliza ni wa zamani katika uandishi wa programu. Umeelezwa kwa jina la Observer katika kitabu Design Patterns cha mwaka 1994. Robert Nystrom, katika kitabu chake Game Programming Patterns cha mwaka 2014, aliufundisha kwa mfano wa nishani hasa: nishani ya kuanguka kutoka darajani, ambayo msimbo wake haupaswi kuingizwa katikati ya hesabu za fizikia za gemu.

Utaratibu huo una hatari yake, na anayeutumia mara ya kwanza huikuta mapema. Msimamizi wa nishani hujiandikisha ili asikie matangazo. Ikiwa anajiandikisha kila ngazi mpya inapofunguliwa, na hajiondoi ngazi ya zamani inapofungwa, katika ngazi ya pili atasikia kila kifo mara mbili, na katika ya tatu mara tatu. Hesabu maradufu inarudi kwa mlango mwingine. Namna salama ni kumwandikisha mara moja tu gemu inapowaka, au kuhakikisha kwamba kila kujiandikisha kuna kujiondoa kwake.

Pale namba haitoshi

Baadhi ya nishani hazifai kutunzwa kwa namba. Nishani ya kukusanya vipande 50 vya ramani ni mfano mzuri. Mchezaji akiokota kipande, akafa kabla ya kuhifadhi safari yake, kisha akarudi na kukiokota tena, kihesabio kilichowekwa nje ya safari hiyo kitasoma mawili. Anaweza kufika 50 akiwa na vipande 30 tu, na gemu haina njia ya kujua, kwa sababu namba 50 haisemi ni vipande vipi.

Hapa hali ni ile ya michango ya harusi. Wakusanyaji watatu wakitunza jumla pekee, mchango ukiandikwa mara mbili hakuna atakayegundua. Wakitunza majina, jina la pili litaonekana papo hapo. Vivyo hivyo, gemu inapaswa kutunza orodha ya utambulisho wa vipande vilivyookotwa, ambamo kila kipande kinaweza kuingia mara moja tu, na idadi ipatikane kwa kuhesabu orodha yenyewe. Kipande namba 12 kikiokotwa mara tano, orodha haibadiliki. Na mchezaji aliyekwama kwenye 49 anaweza kuonyeshwa ni kipande kipi kinachokosekana.

Kwa maharamia orodha ya namna hiyo ingekua bila sababu, kwa kuwa kila mmoja ni mpya na hakuna anayehitaji kumkumbuka. Kinga ya `amekufa` inatosha. Kanuni ni nyepesi: vitu vyenye idadi maalumu na utambulisho wa kudumu hutunzwa kwa orodha, na matukio yanayojirudia hutunzwa kwa namba yenye msimamizi mmoja.

Hali ya tatu ni mchezaji mwenye vifaa viwili. Tuseme kihesabio kwenye seva ni 60. Akiwa nje ya mtandao, anaangusha maharamia 10 kwenye simu, ambayo inasoma 70, kisha 15 kwenye tableti, ambayo inasoma 75. Jumla ya kweli ni 85. Seva ikichukua namba kubwa kati ya mbili itapata 75 na kupoteza kumi za simu. Ikizijumlisha itapata 145, na nishani itafunguka kabla ya wakati wake. Suluhisho ni kila kifaa kutunza na kutuma idadi yake peke yake. Seva huwa na 60 za mwanzo, 10 za simu na 15 za tableti, na huzijumlisha inapohitaji jumla. Kila kifaa huandika kwenye nafasi yake tu, kwa hiyo hakuna kinachofuta wala kurudia kazi ya kingine.

Kutambua kosa kwa dalili zake

Namna namba inavyokwenda kombo hueleza mengi kuhusu mahali pa kutafuta. Namba inayopanda wakati hakuna adui mpya anayeangushwa huashiria mwili unaoendelea kupigwa baada ya kifo. Namba inayopanda mbili mbili katika ngazi ya pili na tatu tatu katika ya tatu huashiria msikilizaji aliyejiandikisha zaidi ya mara moja. Namba isiyosogea kwa silaha moja tu huashiria njia iliyosahauliwa. Tangazo linalokuja mara moja kila gemu inapowashwa huashiria alama ambayo haikuhifadhiwa. Na namba iliyopita sharti huku nishani ikiwa imefungwa huashiria ama alama ya `==`, ama taarifa ambayo jukwaa halikuipokea.

Uthibitisho hupatikana kwa rekodi kama ile iliyoonyeshwa juu, yenye utambulisho wa adui, sababu ya kifo na namba kabla na baada. Rekodi hiyo ikipangwa kwa utambulisho wa adui, jina lolote linalojitokeza zaidi ya mara moja ni hesabu iliyorudiwa. Kabla ya hapo kuna kipimo cha haraka zaidi: kutafuta katika msimbo wote kila mstari unaobadilisha `maharamia`. Ikipatikana mistari mitatu katika faili tatu, chanzo kimejulikana hata kabla ya kuiwasha gemu.

Majaribio nayo yanapaswa kulenga makutano, kwa kuwa silaha moja moja mara nyingi haina shida. Jaribio zuri kwa gemu hii ni kumpiga haramia mmoja kwa mshale, moto na baruti katika fremu moja na kuhakikisha kihesabio kimepanda moja tu. Jingine ni kuanzia 99, kuua wawili kwa mlipuko mmoja, na kuhakikisha tangazo limetoka mara moja. La tatu ni kuzima gemu mara baada ya kufunguka, kuiwasha tena na kuangalia kama sarafu zimebaki zile zile.

Wachezaji waliokwisha kuathirika

Kurekebisha msimbo hakurekebishi kumbukumbu zilizoharibika. Mchezaji mwenye 137 na nishani iliyofungwa ataendelea kukwama mpaka aangushe haramia mwingine, na kama amemaliza gemu yote huenda hakuna haramia aliyebaki. Kwa hiyo toleo lililorekebishwa linapaswa kufanya ukaguzi kila linapowaka: lisome kihesabio, lisome hali ya nishani kwenye jukwaa, na kama sharti limetimia huku nishani imefungwa, liifungue. Ukaguzi huo huo huokoa nishani ambazo taarifa zake zilipotea njiani, kwa sababu gemu inauliza jukwaa lenyewe badala ya kuamini alama yake ya zamani.

Kwa waliozidishiwa hesabu, njia iliyo salama ni kuwaachia. Rekodi za nyuma hazitoshi kuthibitisha ni vifo vingapi vilikuwa vya kweli. Steam ina amri ya `ClearAchievement` inayofunga tena nishani, lakini kusudi lake hasa ni majaribio wakati gemu inatengenezwa. Zawadi zenye thamani ndani ya gemu ni jambo jingine. Sarafu zilizotolewa mara kumi zinaweza kuvuruga soko la gemu nzima, hivyo utoaji wa zawadi unapaswa kuwa na kumbukumbu yake, inayosema mchezaji huyu amelipwa kwa nishani hii, na kumbukumbu hiyo ihifadhiwe kwa hatua moja na sarafu zenyewe. Zikihifadhiwa kwa hatua mbili, gemu ikizimika katikati mchezaji hulipwa mara mbili au hupoteza malipo yake.

Utaratibu mzima unaweza kufupishwa kwa masharti manne: tukio moja litangazwe mara moja, kihesabio kiwe na mwenyewe mmoja, kufungua kusiathiriwe na marudio, na kumbukumbu ya gemu ilinganishwe na ya jukwaa kila gemu inapowaka. Gemu inayokosa la kwanza itahesabu vibaya hata mengine matatu yakiwepo, na ndiyo maana marekebisho huanzia pale adui anapokufa.